"Nivushie Kimfuko Hiki": Namna ya Kumkatalia Mtu Tuliyefahamiana Naye Karibuni Bila Kuvunja Ujirani



Katika mazungumzo yetu na wananchi wa Rubavu, hasa wale wanaovuka mpaka kila siku kwa biashara ndogondogo, swali moja hurudi mara kwa mara. Nalo ni hili: mtu niliyemfahamu juzi tu, aliyenisalimu vizuri na kunisaidia kushika nafasi kwenye foleni, akiniomba nimvushie mfuko wake, nimjibu nini? Wengi hawaulizi kama ni halali kukubali, kwa maana hilo wanalijua. Wanachouliza ni namna ya kukataa bila kumtia mwenzao aibu na bila kumpoteza mtu ambaye kesho watakutana naye tena palepale. Katika toleo hili tunalijibu swali hilo kwa kirefu.

Tunalichukulia kuwa swali zito, kwa sababu tunaijua hali ya mji wetu. Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyogusana. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa mwaka 1976, iliwekewa makao yake hapahapa Gisenyi, na watu wetu wameoana, wamesoma pamoja na kuuziana chakula kwa vizazi vingi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya wakazi wa Goma walikimbilia upande huu wakiwa na watoto na magodoro vichwani, wakapokewa. Kwa watu walioishi hivyo, kumwambia jirani "hapana" ni jambo gumu. Kwa sababu hiyo, yeye anayetaka kuwatumia wenzake huanza kwa kugonga mlango wa ukarimu.

Kwa nini ombi hili hutolewa

Ili kukataa vizuri, yafaa kwanza kuelewa ombi lenyewe linatoka wapi. Tuchukue mfano wa nguo za mitumba. Mwaka 2016 ushuru wa kuingiza nguo hizo Rwanda ulipandishwa kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi dola 2.50 kwa kilo. Tukijaalia robota moja lina kilo 45, kwa kiwango hicho mwenye mali atadaiwa dola 112 na nusu. Mtu asiyetaka kulipa hutafuta njia ya kulifanya robota lisionekane kuwa robota. Hulifungua upande wa pili wa mpaka, akaligawa katika mafungu ya kilo tatu tatu, kisha akatafuta watu 15, kila mmoja avuke na fungu moja kana kwamba ni nguo zake mwenyewe. Ng'ambo ya mpaka yupo mtu wa kuyakusanya mafungu, na jioni robota linakuwa limekamilika tena.

Tazama hesabu hiyo inavyogawanyika. Faida yote ya kukwepa ushuru inamwendea mtu mmoja, ambaye pengine hata hakukaribia kivuko siku hiyo. Hatari yote wanaibeba watu 15 ambao hawajuani, na ambao kila mmoja anaamini kwamba amemsaidia mtu mmoja kwa kitu kidogo. Udogo wa mfuko ndio unaomfanya mwombwaji aone haya kukataa, na mwombaji analijua hilo.

Hata hivyo, tusiseme kwamba kila anayeomba ni mkwepaji wa ushuru. Wapo wanaoomba kwa sababu mzigo umewazidi nguvu, au kwa sababu kibali chao cha kuvuka kimekwisha muda na mgonjwa wao ng'ambo anasubiri nguo za kubadili. Wewe uliyeombwa huna njia ya kuwatofautisha papo hapo. Mkwepaji na mwenye shida huzungumza kwa sauti ileile ya upole. Kwa hiyo jibu lako lazima liwafae wote wawili: limwache mwenye shida akiwa na heshima yake, na limfungie mlango mkwepaji bila wewe kuhitaji kumtambua.

Mzigo unapofika mbele ya afisa

Katika kivuko cha Bariyeri Ndogo, ambako wengi wa wasomaji wetu hupita kwa miguu, afisa akiutilia shaka mfuko huuliza maswali matatu mepesi: mali hii ni ya nani, ndani mna nini, na iligharimu kiasi gani? Mwenye mali hujibu bila kufikiri. Aliyebebeshwa hukwama kwenye swali la kwanza. Akisema "ni yangu", amesema uongo, na swali la tatu litamuumbua, kwa kuwa hajui bei. Akisema "ni ya mtu", ataulizwa mtu huyo yuko wapi. Akigeuka kumtafuta, aghalabu hatamwona, kwa sababu mwenye nia mbaya hukaa mbali akitazama, na akiona mzigo umezuiwa huondoka.

Kuanzia hapo mzigo una mtu mmoja tu, naye ni yule aliyeushika. Neno "sikujua" husikilizwa, na wachunguzi huwa na wajibu wa kulipima, lakini kulithibitisha ni kazi ngumu kwa mtu asiyejua jina kamili la aliyempa mfuko, wala anapokaa. Nguo zisizolipiwa ushuru hutaifishwa. Kwa wenye pikipiki na magari, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu chombo kilichobeba magendo kukamatwa, na dereva kutozwa faini inayoweza kufika dola 5,000.

Hayo ni ya nguo. Lakini aliyepokea mfuko uliofungwa hana hakika kwamba ndani ni nguo. Inaweza kuwa mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda imeipiga marufuku tangu mwaka 2008. Inaweza kuwa mafuta ya kuchubua ngozi, ambayo hayaruhusiwi kuuzwa nchini. Na inaweza kuwa bangi iliyokunjwa ndani ya nguo za mtoto. Bangi imewekwa katika kundi la dawa za kulevya kali sana, na kifungu cha 263 cha sheria ya makosa na adhabu ya mwaka 2018 kinataja kusafirisha miongoni mwa makosa yake. Adhabu ya kundi hilo ni kifungo cha miaka 20 hadi kifungo cha maisha. Hatuandiki haya ili kuwatisha watu na jirani zao. Tunayaandika ili msomaji aone kwamba kati ya kuombwa na kujibu kuna jambo la kupima, wala si suala la tabia njema peke yake.

Jibu lenye sehemu tatu

Sasa tuje kwenye jibu lenyewe. Tumchukue mama mchuuzi, tuliyemtunga kwa ajili ya mfano huu. Asubuhi alivusha nyanya na karoti kwenda Goma, ameuza, na sasa anarudi Gisenyi na beseni tupu. Kwenye foleni anamkuta kijana ambaye jana walikaa pamoja wakizungumza habari za mvua na bei ya viazi. Kijana anasema:

"Mama, shikamoo. Jana tulikuwa wote hapahapa. Beseni lako naona halina kitu. Nivushie kimfuko hiki, ni nguo za watoto wa dada yangu tu. Ng'ambo kuna mtu atakupokea. Mimi bado nina shughuli huku."

Mama anajibu:

"Marahaba, mwanangu. Aksanti kwa kuniamini, na watoto wa dada yako Mungu awakuze. Lakini mimi mzigo wa mtu mwingine sivuki nao. Hata wa ndugu yangu wa tumbo moja sivuki nao. Pale naulizwa mali ni ya nani, nami sina budi kusema kweli. Ukimaliza shughuli zako, vuka nao mwenyewe. Upande wetu kuna dawati la kuwaelekeza wachuuzi. Nitakuonyesha lilipo, na kama hujapanga foleni yake, nitakueleza inavyokwenda."

Jibu hili lina sehemu tatu, na kila moja ina kazi yake.

Sehemu ya kwanza ni kulipokea ombi kwa heshima. Mama ameitikia salamu, amemwita kijana "mwanangu", ameshukuru kuaminiwa na kuwatakia watoto heri. Hakuna mahali alipoonyesha kwamba anamshuku. Wahenga walisema maneno mema humtoa nyoka pangoni. Mtu aliyeheshimiwa katika maneno ya kwanza huweza kuyasikia ya pili bila hasira. Lakini sehemu hii iwe fupi. Shukrani zikirefushwa, mwombaji hudhani kwamba jibu linaelekea kuwa "ndiyo", na kukataa kunakofuata humwumiza zaidi.

Sehemu ya pili ni kukataa kwa neno moja, na kwa sababu isiyobadilika. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tutulie kidogo. Mama hakusema "sivuki na mzigo wako". Alisema "mzigo wa mtu mwingine sivuki nao", akaongeza kwamba hata ndugu yake angemkatalia. Kwa maneno hayo ameiondoa aibu begani mwa kijana. Hakukataliwa yeye kwa kuwa ni mgeni au kwa sura yake. Amekutana na desturi ambayo mama anaifuata kwa watu wote. Na kwa kuwa ni desturi, haina siku. Kesho itakuwa ileile, na keshokutwa pia.

Sehemu ya tatu ni kutoa kile unachoweza kukitoa kweli. Mama hana uwezo wa kuvusha mfuko, lakini ana ujuzi wa kivuko ambao pengine kijana hana. Katika vivuko vyetu yapo madawati ya taarifa za biashara, ambayo kazi yake ni kuwaeleza wachuuzi wadogo haki zao na taratibu. Chini ya Mfumo Rahisi wa Biashara wa COMESA, bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa kati ya nchi mbili, zinazozalishwa katika nchi hizo na zenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa, hupita kwa fomu fupi bila kuhitaji wakala. Nguo za mitumba hazimo katika msamaha wa namna hiyo, kwa hiyo zitalipiwa. Lakini mwenye nguo chache za watoto ataelezwa hapohapo anachodaiwa, kama anadaiwa. Ikiwa shida ya mwombaji ni uzito, unaweza kumwelekeza kwa wachukuzi wanaojulikana, wakiwemo wenzetu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu. Muhimu ni mwenye mali kuvuka pamoja na mali yake, ili maswali yale matatu yawe na wa kuyajibu.

Toa unachokiweza, wala usiahidi zaidi. Ukisema utamngojea, mngoje. Ahadi ni deni, na urafiki mpya huvunjika kwa ahadi isiyotimizwa upesi kuliko kwa kukataliwa waziwazi.

Majibu yanayoonekana kuwa ya upole lakini huleta madhara

Jibu la kwanza la namna hiyo ni udhuru wa siku moja: "Leo nina haraka", "Leo beseni langu litajaa", "Leo naumwa kichwa". Mwenye kusema hivi anadhani amekataa kwa upole. Kwa kweli amesema kwamba kesho, haraka ikiisha, atakubali. Mwombaji atarudi kesho, na safari hii ombi limekuwa nusu ya haki yake. Udhuru wa pili huwa mgumu zaidi kuupata kuliko wa kwanza, na wa tatu huonekana wazi kuwa uongo. Hapo uhusiano huharibika kwa sababu ya uongo, ilhali ukweli wa siku ya kwanza haungeuharibu.

Jibu la pili ni "nitaona" au "tutaangalia". Kwetu sisi neno hili hutumika kama kukataa kwa adabu, lakini si kila mtu hulisikia hivyo. Mtu mwenye shida hulisikia kama matumaini, akaacha kutafuta njia nyingine. Mfano ni yule mwenye mgonjwa ng'ambo: umemchelewesha saa nzima kwa neno ambalo wewe ulilitoa kwa huruma.

Jibu la tatu ni shutuma: "Unataka kunifunga?" au "Ninyi ndio mnaoleta magendo." Kama mtu huyo ni mwaminifu, umemwumiza mbele ya foleni nzima, na habari zitafika kwa jamaa zake wa pande zote mbili. Kama ni mkwepaji, hukumzuia kwa lolote. Umemfundisha tu kuchagua mtu mwingine kwa uangalifu zaidi. Kazi ya kushuku na kupekua ni yetu na ya forodha. Raia hatakiwi kuifanya kwenye foleni.

Jibu la nne ni kurusha lawama kwa polisi: "Mimi ningekubali, ila askari wa hapa ni wabaya." Tunalisikia sana, nasi hatukasiriki. Tatizo lake ni kwamba humwambia mwombaji kuwa kizuizi pekee ni askari aliyepo zamu. Atajibu mara moja: "Usijali, wa leo namjua," na hoja yako imekwisha. Sababu nzuri ni ile inayokaa kwako mwenyewe: sivuki na nisichokijua.

Anapoomba mara ya pili

Mara nyingi jibu lenye sehemu tatu hutosha. Ikiwa mwombaji anaendelea, msikilize kwa makini, kwa sababu namna anavyolipokea pendekezo lako hukuonyesha mengi kuliko ombi lake la kwanza. Mwenye shida ya kweli hulishika pendekezo: atauliza dawati liko upande gani, linafungwa saa ngapi, mchukuzi hudai kiasi gani. Shida yake ilikuwa kufikisha nguo, na wewe umempa njia ya kuzifikisha.

Mwenye nia nyingine halihitaji dawati. Pendekezo lako halimfai kwa sababu linapitia mahali anapopakwepa. Atalipuuza, kisha utaona moja kati ya mambo haya. Ataanza kutoa pesa kwa jambo aliloliita dogo. Au atabadilisha hadithi: nguo za watoto wa dada zitakuwa zawadi ya arusi. Au atakuharakisha, akisema anayepokea ameshafika na atakasirika. Au atakukumbusha wema alioutenda jana, kwamba alikushikia nafasi. Ishara hizi hazithibitishi kosa, lakini zinakutosha wewe kufunga mazungumzo.

Namna ya kuyafunga ni kurudia neno lilelile, bila kuongeza sababu mpya. Mama wetu atasema: "Mwanangu, nimeshakueleza, mzigo wa mtu sivuki nao. Dawati lipo palepale." Akiongeza sababu, kila moja itajibiwa, na mwisho ataonekana ameshindwa hoja. Neno moja likirudiwa kwa sauti tulivu halina pa kushikwa. Kuhusu wema wa jana, ulipe kwa wema wa aina yake: mshikie nafasi, mgawie maji, mpe mwavuli mvua ikinyesha. Deni la nafasi ya foleni hulipwa kwa nafasi ya foleni. Halilipwi kwa kuhatarisha uhuru wako.

Kama amekuzidi umri, au ni mzee wa kanisani au msikitini, muundo wa jibu haubadiliki; hubadilika adabu yake. Sogea kando naye, msikatane maneno mbele ya vijana, na useme: "Mzee wangu, shikamoo. Naomba unisamehe, hili siliwezi, wala sijawahi kulifanya kwa mtu. Lakini nitakushika mkono tuvuke pamoja, wewe na mzigo wako." Mzee mwenye mali yake ataukubali mkono huo kwa furaha.

Ikiwa mzigo tayari uko mkononi

Yapo matukio ambapo mtu hakupewa nafasi ya kujibu. Mfuko umetiwa ndani ya beseni lake wakati anahesabu pesa, au ameambiwa "nishikie kidogo" na mwenyewe ametoweka. Mtu huyo asiutupe mfuko kando ya njia wala kuufungua ili kuangalia. Kuutupa kutaonekana kama kuficha, na kuufungua kutaufanya mkono wake uonekane umeshughulika na kilichomo. Asimame kabla ya kufika mahali pa ukaguzi na, kama mwenye mfuko yupo, amrudishie: "Kaka, chukua mfuko wako, mimi naendelea." Kama hayupo, amwendee afisa wa karibu kabla hajaulizwa, na kusema wazi: "Mfuko huu si wangu, nimewekewa, aliyeniwekea alivaa hivi na hivi." Tofauti kati ya anayesema kabla ya kuulizwa na anayesema baada ya kukamatwa ni kubwa sana mbele ya mchunguzi.

Ombi moja lisilo na pendekezo mbadala

Tumesema kwamba kila kukataa kuambatane na kitu unachoweza kutoa. Kuna ombi moja ambalo haliingii katika kanuni hiyo, nalo ni kuombwa kumvusha mtoto asiye wako ukisema ni wako. Hata kama anayeomba analia, hata kama mtoto anamwita mama, usikubali, wala usimpeleke njia nyingine. Rwanda ina sheria ya mwaka 2018 ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha watu, na mtoto anayevushwa mpaka na mtu asiye mzazi wala mlezi wake anaweza kuwa ndiye anayeibiwa. Jibu la kufaa ni: "Twende sote kwa maafisa, wao wanajua namna ya kumsaidia mtoto kuvuka." Mzazi wa kweli mwenye shida ya hati atakwenda. Asiyetaka kwenda amekwisha kujieleza, na hapo tunaomba mtujulishe papo hapo.

Siku ya pili

Kukataa hakumaliziki pale neno linapotamkwa. Humalizika siku ya pili, mnapokutana tena. Wengi baada ya kukataa huona haya, wakamkwepa mwenzao, wakapita upande mwingine wa foleni. Mwenzao hutafsiri ukimya huo kuwa dharau au shutuma, na urafiki uliosalimika jana hufa leo. Kwa hiyo uwe wa kwanza kusalimu. Mama wetu atasema, "Mwanangu, habari za tangu jana? Watoto walipata nguo zao?" Swali hilo humweleza kijana kwamba hakuna kinyongo, na kwamba mama aliyaamini maneno yake. Akiwa mwaminifu, atajibu kwa tabasamu, na mama atakuwa amepata mtu wa kubadilishana naye habari za bei kwa miaka mingi. Akiwa si mwaminifu, atajua kwamba mlango huu ni wa salamu tu, naye hatarudi na mfuko.

Tunawaomba viongozi wa vyama vya ushirika vya wachuuzi walisome jambo hili pamoja na wanachama wao na kukubaliana juu ya neno moja litakalosemwa na wote: "Mzigo wa mtu mwingine hatuvuki nao." Mtu mmoja akilisema peke yake, huonekana mkaidi. Wakilisema wachuuzi wote wa foleni, linakuwa desturi ya mahali, na mgeni anayefika Bariyeri Ndogo kwa mara ya kwanza ataikuta kama anavyoikuta foleni yenyewe.

Mwenye shaka kuhusu mzigo au mtu, na mwenye kushinikizwa baada ya kukataa, anaweza kumwendea askari yeyote aliye zamu, au kupiga simu bila malipo kwa Polisi ya Taifa ya Rwanda kwa nambari 112, au kwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda kwa nambari 166. Halazimiki kumtaja mtu kwa sauti mbele ya foleni. Inatosha kusogea kando na kutueleza alichokiona.